Usilipe salio la mwisho kabla barua ya kopeki haijasema mambo matatu

Tangu benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango mwaka 2025, familia nyingi zilizokimbia zimeendelea kulipa madeni yao kwa simu, zikiwa mbali na ofisi zilizowakopesha. Wengi sasa wanafika mwisho wa deni. Wanaomba barua ya kumaliza mkopo, wanaona muhuri na sahihi ya jeran, wanatafuta pesa na kulipa. Maoni yangu ni haya: muhuri hauthibitishi hesabu. Barua hiyo isilipwe mpaka iseme wazi salio ni ngapi, hesabu imefanywa kwa tarehe gani, na dhamana itarudi lini.

Tuanze na salio. Tuchukue mfano wa mama mmoja muuza samaki. Alikopa dola 1 200 tarehe 20 Desemba, alipe kwa miezi 12. Kila tarehe 20 anarudisha dola 100 za mtaji, pamoja na faida ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya mtaji uliobaki. Mwezi wa kwanza faida ilikuwa dola 36, wa pili 33, na hivyo inashuka kwa dola 3 kila mwezi. Mpaka tarehe 20 Julai amelipa mara saba. Mara ya saba alikuwa amekwisha kukimbia, akatuma dola 118 kwa simu. Anataka kumaliza yote tarehe 10 Agosti.

Barua inakuja: alipe dola 663. Je, ni kweli?

Mama huyu ahesabu mwenyewe. Mtaji alikuwa nao 1 200, amerudisha 700, umebaki 500. Faida ya mwezi juu ya 500 ni dola 15, maana yake senti 50 kwa siku ukihesabu mwezi wa siku 30. Toka 20 Julai mpaka 10 Agosti ni siku 21, kwa hiyo faida ni dola 10 na senti 50. Jumla: dola 510 na senti 50. Barua imezidi kwa dola 152 na senti 50.

Hizo pesa zimetoka wapi? Sababu ni mbili, na zote mbili zinaonekana mara nyingi. Ya kwanza: zile dola 118 za simu hazikuandikwa kwenye akaunti ya mkopo. Zilifika kwenye namba ya kopeki, lakini aliyezipokea hakuziunganisha na jina lake. Kwa mashine ya ofisi, mama huyu amelipa mara sita tu na mtaji uliobaki ni 600. Ya pili: ajan wa kredi amejumlisha faida ya miezi yote iliyobaki kwenye karatasi ya malipo, hata ile ambayo haijafika. Amechukua 18, 15, 12, 9, 6 na 3, akapata 63, akaiongeza juu ya 600. Lakini faida ni bei ya kukaa na pesa ya mtu. Ukiirudisha tarehe 10 Agosti, hutakaa nayo Oktoba.

Hapa sharti tuwe wakweli. Mikataba mingine inasema anayemaliza mapema atalipa kitu fulani cha ziada, na mingine inahesabu faida juu ya mtaji wote wa mwanzo bila kushuka. Ukiwa umechelewa, kuna pia faini. Ndiyo sababu barua peke yake haitoshi. Omba pamoja nayo karatasi ya akaunti ya mkopo inayoonyesha kila malipo na tarehe yake, uiweke kando ya mkataba wako na ujumbe wa simu wa kila malipo. Ujumbe huo una namba ya muamala. Usiufute. Kama simu imeibwa au imepotea njiani, kampuni ya simu inaweza kukutafutia historia ya namba yako.

Jambo la pili ni tarehe. Barua nzuri inasema: salio hili ni la mpaka tarehe 10 Agosti, na baada ya hapo ongeza senti 50 kila siku. Bila maneno hayo, mama akifika gishe tarehe 14 na dola 510 na senti 50 mkononi, anakuwa amepungukiwa na dola 2. Anaondoka akijua amemaliza, kumbe mkopo bado uko wazi kwenye mashine. Dola 2 hizo zinaweza kuzaa faini, na kwa sababu yake hati ya kiwanja inabaki ndani ya kabati la kopeki.

Jambo la tatu ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu watu wanafikiri deni likiisha dhamana inajifungua yenyewe. Sivyo. Barua itaje kila kitu kilichowekwa, kwa namba yake: hati ya kiwanja namba fulani, karatasi za pikipiki zenye namba ya chasi, akiba iliyofungwa wakati wa kukopa, na jina la mdhamini aliyetia sahihi. Kisha iseme vitarudishwa baada ya siku ngapi na kwenye ofisi gani. Kwa aliyekimbia, swali la ofisi ni kubwa. Kuna matawi yaliyohama au kufungwa, na lazima ujue hati yako iko mji gani kabla hujalipa, si baadaye. Kama huwezi kurudi mwenyewe, andika prokirasyo kwa mtu wa kuipokea, na barua ikubali jina lake.

Kama kiwanja kina sertifika na rehani iliandikwa kwa konservateri wa hati za ardhi, kurudishiwa karatasi mkononi hakutoshi. Rehani imeandikwa kwenye kitabu cha serikali na kwenye sertifika yenyewe. Unahitaji karatasi nyingine ya kopeki, menleve, inayokubali rehani ifutwe, uipeleke kwa konservateri aifute. Usipofanya hivyo, siku utakapouza au mtoto wako atakaporithi, kiwanja kitaonekana bado kimefungwa kwa deni lililokwisha zamani.

Maajan watasema kazi hii ni nyingi na watu ni wengi gisheni. Sikubali. Mashine iliyotoa barua inaweza kutoa na karatasi ya akaunti kwa dakika hiyo hiyo, na aliyepokea hati siku ya kukopa aliiandika namba yake. Ofisi iliyojua kuhesabu dhamana ilipoingia ijue kuihesabu inapotoka. Ikikataa kusahihisha, andika malalamiko kwa jeran, ubaki na kopi yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Kopeki na benki zote ziko chini ya uangalizi wa Banki Kuu ya Kongo, na kopi hiyo ndiyo utakayoonyesha ukifika huko.

Ukiisha kulipa, bado usiondoke. Subiri bordero yenye kiasi kilekile cha barua, halafu omba barua ya pili inayosema mkopo umefungwa na salio ni sifuri. Barua ya kwanza inasema unadaiwa ngapi. Ni ya pili tu inayosema hudaiwi tena.