Simu ya familia ifuate saa ya mama

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Katika familia nyingi tunazozijua, saa ya kupigiana simu inapangwa na yule anayetuma pesa. Akipata nafasi Amerika, sisi huku tunaamshwa. Hakuna anayelalamika, juu ni nani atamwambia mtu anayelipa ada ya shule kwamba amepiga saa mbaya? Sisi tunaojitolea tunaona hilo si sawa, na tunataka kueleza kwa mfano mmoja wa familia iliyotuomba tuwasaidie kupanga.

Mama anakaa Nkombo, kisiwani, kwa ndugu zake upande wa Rwanda. Yuko na mtoto wa mwisho, anayesoma sekondari, na kaka yake mama, ambaye ni mvuvi wa sambaza. Kifungua mimba yuko Boise, kule Idaho, ameoa na ana mtoto wa miaka minne. Binti yuko Brisbane, Australia, anasomea uuguzi na wikendi anafanya kazi katika nyumba ya wazee.

Kwanza kijana wa Boise alikuwa anapiga Jumapili saa kumi na moja jioni, akitoka kanisani. Kwake ni saa nzuri kabisa. Lakini Boise iko nyuma ya Nkombo kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo huku ilikuwa saa saba usiku, Jumatatu imeshaingia. Mama anaamka, mdogo anaamka kushika simu (mama hajui kubonyeza vidio), halafu asubuhi mtoto anasinzia darasani. Na Brisbane, ambayo iko mbele yetu kwa saa 8, ilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, binti yuko darasani. Hivyo karibu mwaka mzima dada hakuonana na kaka yake kwenye simu moja. Mama alikuwa anabeba habari za huyu kumpelekea yule, kama posta.

Tuliketi na daftari. Kati ya Boise na Brisbane kuna saa 16, na wakati wa baridi ya Amerika ni 17. Ukitaka watu watatu wa namna hiyo wawe macho pamoja, nafasi ni chache sana. Saa kumi jioni ya Nkombo, Boise ni saa mbili asubuhi, lakini Brisbane ni usiku wa manane. Saa tatu usiku ya Nkombo, Boise ni mchana, lakini Brisbane ni saa kumi na moja alfajiri. Tulizunguka mpaka tukafika hapa: saa kumi na mbili asubuhi ya Nkombo. Boise ni saa nne usiku wa jana yake, na Brisbane ni saa nane mchana.

Sasa siku gani? Jumamosi ilionekana nzuri, lakini Jumamosi asubuhi ya kwetu ni Ijumaa usiku Boise, na kijana anafanya zamu ya jioni Jumatatu mpaka Ijumaa, anatoka karibu saa sita usiku. Jumapili ndiyo iliyobaki. Boise bado ni Jumamosi usiku, hana kazi. Brisbane binti anatoka zamu saa saba na nusu mchana, anapiga akiwa kituo cha basi. Nkombo mama ameshasali, bado hajaenda kanisani, na mdogo hana shule. Alfajiri pia mtandao hauna watu wengi, picha haikwami sana.

Jumapili ya kwanza ilishindikana. Kijana alikaa Jumapili usiku akisubiri, wakati simu ilipaswa kuwa Jumamosi usiku kwake. Na mke wake, aliyesoma ujumbe "saa kumi na mbili", alielewa saa 12 ya mchana. Tangu hapo kwenye kundi la familia wanaandika hivi tu, kwa tarakimu, na siku ya kila mji:

```
Nkombo    Jumapili 06:00
Boise     Jumamosi 22:00
Brisbane  Jumapili 14:00
```

Mstari wa Boise ndio pekee unaobadilika. Rwanda haibadilishi saa, na Brisbane pia haibadilishi (Sydney na Melbourne wanabadilisha, kwa hiyo usichukue mfano huu ukawapa ndugu wa huko). Amerika wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na tarehe 1 Novemba. Wanasogeza saa nane ya usiku wao, na wakati huo kwetu jua limeshapanda, simu ya asubuhi imeshaisha. Kwa hiyo Jumapili ile ya kubadilisha hakuna kitu, mabadiliko yanaonekana wiki inayofuata. Kuanzia Novemba Boise inakuwa 21:00, na bibi anafurahi zaidi, juu mjukuu hajalala.

Hapo ndipo tuligombana kidogo na kijana. Machi ilipofika alitaka simu isogee nyuma iwe saa kumi na moja alfajiri huku, ili mtoto wake alale mapema. Tulimjibu hapana, kwa heshima. Saa ya Nkombo ndiyo msumari, wengine wafunge kamba hapo. Mama hana simu ya kumkumbusha, anajua tu jua na kengele ya kanisa. Ukimsogezea saa mara mbili kwa mwaka atakukosa wiki tatu kabla hajaelewa. Mwenye simu ya kujirekebisha yenyewe ndiye ahame. Mtoto wa Boise sasa analazwa mchana wa Jumamosi.

Mtu mmoja bado tulishindwa kumpatia nafasi ya kila wiki, naye ni mjomba. Wavuvi wa sambaza wanaingia ziwani jioni na taa, wanarudi alfajiri, na saa kumi na mbili wako ufukweni wanauza. Lakini mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki vizuri, wanapumzika nyumbani. Basi mjomba anakuja Jumapili za mbalamwezi. Mdogo anaangalia mwezi, anaandika kwenye kundi Ijumaa: "mjomba yuko". Sisi wenyewe tusingefikiria hilo, ni mama aliyesema.

Kwa vijana mnaopanga na ndugu walioko Kongo, angalizo moja. Ukichagua Kinshasa kwenye saa ya dunia ya simu, na ndugu yako yuko Bukavu au Uvira, utakosea kwa saa moja. Mashariki ni saa ileile ya Rwanda na Burundi, chagua Lubumbashi. Nakivale, Uganda, wako mbele yetu kwa saa moja. Na ukiwa Nkombo zima data ya ng'ambo, maana simu inaweza kushika mnara wa upande wa pili wa ziwa na bando lako halitasaidia.

Mtu akikosekana wanasubiri dakika 15, halafu wanaendelea bila yeye, naye anatumiwa sauti. Jumapili iliyopita mvua ilikatisha vidio, wakabaki na sauti tu. Mjukuu wa Boise alimwuliza bibi kwa Kiswahili kama kuku ameshaamka. Mama alitoka nje na simu ili amsikie jogoo.