Namba ya mchoroni si namba ya spea

Ndugu mwandishi, hadithi imenigusa, ila pale kijana anaposoma 7 kwenye mchoro wa spea na kwenda dukani kuomba "spea namba 7" pamenisumbua. Hiyo 7 inakupeleka tu kwenye jedwali la pembeni. Humo ndimo ilimo namba ndefu ya kuagizia, pamoja na idadi inayotakiwa. Na wewe msomaji uliyeandika hapo juu kwamba mchoro ni wa wauza spea tu, hapana, hata fundi humsaidia. Gereji kwetu ililetwa jenereta ndogo ya petroli, mlio unapanda na kushuka, unatulia ukivuta choki kidogo. Hiyo inaweza kuwa dalili ya hewa kuingia pasipo njia yake. Kabureta ilikuwa imeshasafishwa, tatizo likabaki. Mchoro wa jenereta hiyo ulionyesha, kuanzia kwenye silinda hedi: gasketi, kisha kipande cha plastiki ngumu cha kuzuia joto, kisha gasketi nyingine, ndipo kabureta. Tulipofungua tukakuta gasketi moja tu. Tulipoweka ya pili, mlio ukatulia hata choki ikiwa imefunguliwa yote. Mwandishi, ukiichapisha tena, tafadhali mpe huyo kijana jedwali lake.