Mshahara laki nane, mkononi ngapi?

Mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi Kibondo ametuletea hati mbili za mshahara, yake na ya mumewe. Mumewe ni mtunza stoo wa shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Kasulu. Wote wawili mshahara ghafi ni 800,000. Baba anapokea mkononi 660,000. Mama anapokea 652,000. Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini yeye anakatwa pensheni kidogo kuliko mumewe lakini fedha ya mkononi ni ndogo zaidi? La pili ndilo lililowanyima usingizi: mwajiri wa baba amemletea mkataba mpya, mshahara ni uleule wa 800,000, ila umegawanywa kuwa 500,000 za msingi na 300,000 za posho. Ameambiwa akisaini ataona nyongeza mkononi. Ada za watoto ziko mlangoni. Asaini?

Tuanze na hati zenyewe, maana jibu la swali la pili limo ndani ya la kwanza.

Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipounganisha mifuko, watumishi wa umma wako PSSSF na wa sekta binafsi wako NSSF. Mifuko yote miwili inapokea asilimia 20 ya mshahara, ila mzigo unagawanywa tofauti. Kwa mwalimu, yeye anakatwa asilimia 5 na serikali inaongeza 15. Kwa baba wa NSSF, mwajiri anaruhusiwa kumkata hadi asilimia 10, na mwajiri mwenyewe anatoa 10 iliyobaki. Kwa hiyo mama anakatwa 40,000, baba anakatwa 80,000, na kila mmoja anaingiziwa 160,000 kwa mwezi kwenye mfuko wake. Tofauti ya pili ni kwamba PSSSF inahesabu kwenye mshahara wa msingi, wakati NSSF inahesabu kwenye mshahara ghafi. Hilo la ghafi lishikeni, tutalirudia.

Sasa kodi ya mshahara, ile PAYE. Wengi wanadhani kodi inakatwa kwenye mshahara wote. Hapana. Mchango wako wa pensheni unatolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na zaidi ya hapo ni asilimia 30.

Baba: 800,000 toa 80,000, inabaki 720,000. Hadi kufika 520,000 kodi ni 20,000. Zile 200,000 zinazozidi zinatozwa asilimia 20, yaani 40,000. Jumla ya kodi ni 60,000. Kwa hiyo 720,000 toa 60,000, ni 660,000. Hati yake iko sawa.

Mama: 800,000 toa 40,000, inabaki 760,000. Kodi ni 20,000 na 48,000, jumla 68,000. Ingeishia hapo angebaki na 692,000, zaidi ya mumewe. Lakini mwalimu anakatwa pia asilimia 3 ya bima ya afya, NHIF, ambayo ni 24,000, na asilimia 2 ya chama cha walimu, ambayo ni 16,000. Ndipo inafika 652,000. Angalieni kwamba bima na chama havikupunguza kodi hata shilingi. Vimekatwa kwenye fedha ambayo kodi imeshapita. Mkopo wa bodi ya elimu ya juu nao ni hivyohivyo. Mama hana deni hilo, lakini mwenzake mwenye mkopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000 kwa mshahara huu, na anarudi nyumbani na 532,000. Mchango wa pensheni tu, kati ya makato haya, ndio unaokubaliwa kupunguza kipato kinachotozwa kodi.

Maana yake ni kwamba ile 80,000 ya baba haimgharimu 80,000. Angekuwa hachangii kabisa, kodi yake kwenye 800,000 ingekuwa 78,000 na angepokea 722,000. Sasa anapokea 660,000. Mfukoni zimetoka 62,000 tu. 18,000 nyingine ni kodi aliyosamehewa. Kwa mdada wa dukani anayelipwa 250,000 hakuna msamaha wa namna hiyo, kwa sababu halipi PAYE. Kwake 25,000 ya NSSF inatoka yote mfukoni, na ndiyo sababu wenye mishahara midogo hulalamika zaidi makato yakianza. Wana haki ya kuyaona mazito.

Lakini punguzo hilo lina kikomo. Sheria ya kodi ya mapato inakubali kiasi kidogo kati ya viwili: ulichochangia kweli, au kile sheria ya mfuko inachokudai. Tuseme baba anataka kujiwekea akiba zaidi, anaongeza 50,000 kwa hiari kila mwezi juu ya ile 80,000. Kodi yake haitashuka. Itabaki 60,000, na mkononi atabaki na 610,000. Akiba ya hiari inaweza kuwa na faida zake, ila mtu akikwambia itakupunguzia PAYE, mwombe akuonyeshe kwenye hesabu.

Twende kwenye mkataba mpya. Mwajiri atakata asilimia 10 ya 500,000 badala ya 800,000, yaani 50,000. Posho ni sehemu ya kipato, inatozwa kodi kama mshahara, kwa hiyo kipato kinachotozwa kodi kitakuwa 750,000. Kodi: 20,000 na 46,000, jumla 66,000. Mkononi 684,000. Kweli kuna nyongeza, 24,000 kwa mwezi. Aliyemwambia hakudanganya.

Sasa tutazame upande ambao hakuambiwa. Mfukoni mwa NSSF zilikuwa zinaingia 160,000, sasa zitaingia 100,000. Zimepotea 60,000. Zimekwenda wapi? Nusu yake, 30,000, ni ile ambayo baba hakatwi tena: 24,000 amepewa mkononi na 6,000 imekwenda kwenye kodi. Nusu nyingine, 30,000, ni mchango wa mwajiri ambao hautoi tena, umebaki kwake. Mwajiri anapata zaidi kuliko mfanyakazi, na mfanyakazi ndiye anayeombwa asaini. Kwa mwaka ni 720,000 ambazo hazikuingia kwenye mfuko, dhidi ya 288,000 alizokula mkononi.

Kwa mfanyakazi wa kambini kuna jambo la karibu kuliko uzee. Kazi za Nyarugusu na Nduta zinategemea ufadhili, na kila mzazi wa Kibondo na Kasulu anamjua mtu aliyepewa barua ya kupunguzwa. Sheria ya 2018 ilileta fao la kukosa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akiachishwa kazi si kwa hiari yake, analipwa takriban theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Theluthi ya 800,000 ni kama 266,000. Theluthi ya 500,000 ni kama 166,000. Laki moja kwa mwezi, katika miezi ileile ambayo nyumba haina mshahara. Pensheni ya uzeeni nayo, kwa aliyefikisha miezi 180 ya michango, inapigwa kutokana na mshahara uliochangiwa, kwa hiyo anayeandikiwa 500,000 atapata sehemu tano kati ya nane za yule wa 800,000.

Kisha kuna lile la ghafi. NSSF haichangiwi kwenye mshahara wa msingi peke yake. Posho inayolipwa taslimu kila mwezi, mwezi hadi mwezi, kiasi kilekile, ni mshahara uliobadilishwa jina. Mkaguzi wa mfuko akipita anaweza kumdai mwajiri kilichopunjwa. Kwa hiyo mama, ushauri wangu ni kwamba baba asisaini kabla hajaandika barua fupi ya kuuliza kwa nini mchango hauhesabiwi kwenye 800,000. Barua, si maneno ya koridoni. Ofisi ya NSSF ya Kigoma inapokea maswali ya namna hii, na haihitaji uwe umeshagombana na mwajiri. Kama nyumba inazihitaji mno zile 24,000, hilo ni lenu wawili kuamua, ila muamue mkijua bei yake.

Wengine mnaosoma, chukueni hati zenu leo jioni mfanye hesabu moja. Toa mchango wa pensheni kwenye mshahara unaotozwa kodi, kisha piga kodi kwa viwango vya hapo juu. Kosa linaloonekana zaidi kwa waajiri wadogo, shule binafsi na maduka, ni kupiga kodi kwanza kwenye mshahara wote. Kwa mshahara wa 800,000 utaona kodi 78,000 badala ya 60,000, na mkononi 642,000. Hizo ni 18,000 kila mwezi, 216,000 kwa mwaka, na mara nyingi ni mhasibu aliyekosea fomula tu, ukimwonyesha anarekebisha. Kosa la pili si la bahati mbaya: mwajiri anayekukata 160,000 yote, asilimia 20 nzima, akisema ndiyo sheria. Sheria inamzuia kukata zaidi ya nusu.

La mwisho, hati ikionyesha umekatwa, haijathibitisha kwamba fedha imefika. Mwajiri wa NSSF anatakiwa kuwasilisha michango ndani ya mwezi unaofuata. Mwanachama wa PSSSF anaweza kuona michango yake kwenye programu ya simu ya PSSSF Kiganjani, na wa NSSF anaweza kuomba taarifa yake ofisini. Linganisha mwezi kwa mwezi. Ukiona miezi mitatu mfululizo hati ina makato na taarifa haina kitu, tunza nakala za hati hizo na uende nazo mfukoni mapema, mwajiri angali yupo na ofisi yake haijafungwa.