Juve walipochangisha, aliyelala alibaki na nusu

Mashabiki wengi wanajua Juventus ni klabu ya soka. Wachache wanakumbuka kuwa ni kampuni iliyo kwenye soko la hisa Italia, na shabiki wa kawaida anaweza kuwa mwenye hisa.

Msimu wa 2020/21, wa korona na viwanja vitupu, Juve walipata hasara ya karibu Euro milioni 210. Mwishoni mwa 2021 wakachangisha Euro milioni 400 kwa hisa stahili, yaani hisa mpya zinazouzwa kwanza kwa wenye hisa wa zamani, kwa bei ya chini. Kila mwenye hisa 10 alikuwa na haki ya kununua mpya 9, kwa senti 33.4 za Euro kila moja.

Sasa twende kwa shabiki mwenye hisa 1,000. Tuseme sokoni hisa moja ilikuwa senti 70, kwa hiyo ana mali ya Euro 700. Stahili yake ni hisa 900, na atalipa Euro 300.60.

Bei rahisi hiyo isikudanganye, si zawadi. Hisa 10 za senti 70 zikichanganywa na 9 za senti 33.4, wastani unashuka hadi karibu senti 52.7. Akilipa, anakuwa na hisa 1,900 zenye thamani ya Euro 1,000, ile 700 yake na 300 aliyotoa. Hajapata wala hajapoteza.

Kama hana pesa, haki yenyewe inauzika sokoni kwa siku chache zilizopangwa. Hapo atapata kama Euro 173, ambazo zinafidia kushuka kwa bei. Ila sehemu yake ndani ya klabu inapungua: aliyekuwa na asilimia 1 anabaki na 0.53.

Anayeumia ni yule aliyelala. Hakulipa, hakuuza, siku zikapita. Hisa zake bado 1,000, lakini sasa ni Euro 527 tu. Barua ya dalali aliiona, akaiacha mezani.

Bosi mkubwa, kampuni ya Exor ya familia ya Agnelli, hakulala. Alikuwa na asilimia 63.8, akatoa takriban Euro milioni 255, na asilimia yake ikabaki palepale.

Hili linatugusa hata sisi tunaobishana kuhusu 51 za wanachama na 49 za mwekezaji. Klabu ikitaka Sh bilioni 10 kwa hisa mpya, wanachama watatakiwa kutoa bilioni 5.1 ili wabaki na 51 yao. Kanuni inaweza kuwalinda wasishuke, lakini haiwachangii. Wasipokuwa nazo, ama klabu inakosa pesa, ama mwekezaji anaomba kanuni ibadilishwe. Kabla ya kushangilia 51, tuulize mfuko wa wanachama uko wapi.