Safu ya Kompyuta: Siku tuliyoifuta kazi ya mwenzetu

Mara hii safu inaanza kwa kukiri kosa. Wanachama mnaofuatilia kamusi yetu ndogo ya chama mnajua kwamba tunaiandika pamoja katika Git, sote katika tawi moja linaloitwa `kamusi`. Likizo iliyopita dada mmoja wa chama alikuwa kwao Maskati, na jioni alikaa na bibi yake akiandika maneno ya jikoni na ya chomboni ambayo bibi alikuja nayo kutoka Unguja. Alipata maneno 61, akayaingiza katika komiti tatu na kuyatuma. Asubuhi iliyofuata sisi, huku Uingereza, tukayafuta.

Hatukukusudia. Tulikuwa na komiti mbili za zamani zilizokwisha kutumwa, zenye marekebisho ya tahajia, tukaona ni vizuri kuziunganisha ziwe moja ili historia isomeke. Tulipotaka kutuma, Git ilikataa, ikaandika `(fetch first)`. Tukadhani inalalamika kwa sababu tumebadilisha historia, basi tukailazimisha:

```
git push --force origin kamusi
```

Maneno yale mawili yalitaka kusomwa kwa makini. Kama tungekuwa tunagombana na historia yetu wenyewe tu, Git ingeandika `(non-fast-forward)`. Inapoandika `(fetch first)` maana yake ni kwamba kwenye seva kuna kazi ambayo kompyuta yako haijawahi kuiona. Ilikuwa inatuambia kuhusu maneno ya bibi, nasi hatukusikia.

Tulipogundua, hatukusema. Tulikaa karibu saa nzima tukitafuta njia ya kurekebisha kimyakimya kabla dada hajaamka. Mficha maradhi kifo humuumbua: katika saa hiyo dada aliamka, akafungua kompyuta na kuvuta mabadiliko kwa `git pull --rebase`, kama afanyavyo kila siku. Maneno yake yakatoweka na kwenye kompyuta yake pia.

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu wengi hudhani kuvuta hakuwezi kumpotezea mtu kazi yake. Git hukumbuka mahali ambapo kompyuta yako imewahi kuliona tawi la seva likisimama. Ilipoona kwamba tawi la seva lilikuwa kwenye komiti za dada jana, na leo halipo tena hapo, ilihitimisha kwamba komiti zile zimeondolewa kwa makusudi, ikaziacha nje bila kutoa kosa lolote. Kama angevuta kwa kuunganisha, zingebaki. Ndiyo sababu jambo la kwanza baada ya kosa hili ni kuwaambia wenzako wote: msivute, msitume, mpaka tuseme.

Tulimpigia simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona hamkuniambia mapema?" Hatukuwa na jibu. Tukamwomba radhi, naye akasema, "Haya, yaliyopita si ndwele. Niambieni nibonyeze nini."

Jambo la kutuliza moyo ni hili: komiti hazikuwa zimefutwa. Katika Git, tawi ni kama kibandiko kilichobandikwa juu ya komiti moja. Kulazimisha kutuma kulikibandua kibandiko kile kutoka kwenye komiti ya dada na kukibandika juu ya yetu. Komiti zenyewe zilibaki ghalani bila jina. Anayejua namba yake anaweza kuifikia.

Namba tulikuwa nayo. Git inapolazimishwa huandika mstari mmoja unaoanza na alama ya kujumlisha, nasi tulikuwa hatujafunga dirisha:

```
+ 4f2c9d1...b81e07a kamusi -> kamusi (forced update)
```

Namba ya kushoto ni pale tawi lilipokuwa, ya kulia ni pale tulipolipeleka. Lakini kujua namba si kuwa na komiti: kompyuta yetu haikuwahi kuzipakua komiti za dada, kwa hiyo ilibidi zitoke kwake. Tukamwambia aandike hivi:

```
git reflog show origin/kamusi
```

Mstari wa kwanza ulionyesha `b81e07a`, ile iliyolazimishwa. Wa pili ulionyesha `4f2c9d1` pamoja na maneno `update by push`, yaani saa aliyotuma yeye mwenyewe. Namba ikalingana na yetu. Akaibandika jina jipya, akaituma:

```
git branch okoa 4f2c9d1
git push origin okoa
```

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuipoteza tena, tukapumua. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzirudisha komiti tatu juu ya komiti yetu iliyounganishwa:

```
git fetch
git switch kamusi
git cherry-pick origin/okoa~3..origin/okoa
git diff origin/okoa kamusi
git push origin kamusi
```

Mstari wa tatu unachukua komiti tatu za mwisho za tawi `okoa` na kuzinakili moja baada ya moja, jina la mwandishi likibaki lake. Wa nne ndio ushahidi. Kwa kuwa sisi tuliunganisha komiti tu na hatukuongeza neno, yaliyomo katika matawi mawili yalipaswa kuwa sawasawa. Amri haikuandika kitu, na kimya hicho ndicho tulichokitaka. Kama tungekuwa tumeongeza maneno yetu, ingeonyesha hayo tu. Kuonyesha neno lolote la dada kama lililotolewa kungekuwa dalili kwamba bado kuna kilichopotea. Mstari wa mwisho, tazameni, hauna `--force`. Sasa tulikuwa tunaongeza juu ya kilichopo, na Git ilikubali bila ugomvi. Dada akavuta, maneno 61 yakawa mbele yake.

Njia hii ina mipaka. Kumbukumbu ya `reflog` iko kwenye kompyuta ya mtu tu. Anayeifuta hifadhi yake na kuipakua upya ili "kuanza safi" anatupa kumbukumbu hiyo, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote wakati kama huu. Pia komiti zisizo na jina hazikai milele: kwa kawaida kumbukumbu zake huisha baada ya siku 30, kisha Git huweza kuzifagia.

Tangu siku ile tumekubaliana kwamba tawi la pamoja halilazimishwi. Kwenye tawi la mtu binafsi, anayelazimika atumie:

```
git push --force-with-lease --force-if-includes
```

Sehemu ya kwanza hukataa, kwa maneno `(stale info)`, ikiwa tawi la seva limesogea tangu ulipoliangalia mwisho. Peke yake haitoshi, kwa sababu vihariri vingine hupakua habari za seva vyenyewe kwa siri, Git ikadhani umekwisha kuziona. Sehemu ya pili, iliyoanza na Git 2.30, inahakikisha kazi hiyo imepita kweli katika tawi lako.

Na la mwisho tulilokubaliana halina amri. Ukikosea, piga simu kwanza, urekebishe baadaye. Saa ile moja ya aibu ndiyo iliyofanya maneno ya bibi yapotee mara mbili.