Walifungia X, wakaziba na kurasa za watu wengine

Tarehe 20 Mei 2025 mtandao wa X uliacha kufunguka nchini Tanzania. Waziri wa habari wa wakati huo, Jerry Silaa, alieleza baadaye kwamba umefungwa kwa sababu unaruhusu picha za ngono. Uamuzi ule haukuwa sahihi. Ni kweli X ilibadili kanuni zake mwaka 2024 na kuziruhusu, na ni kweli sheria yetu inazikataza. Mzazi anayewahofia wanawe ana hoja.

Lakini tazama kilichozuiwa hasa. Mchuuzi wa dagaa wa Kabwe anafungua kwenye simu habari ya gazeti kuhusu upepo mkali Ziwa Tanganyika, na ndani yake mhariri amepachika video iliyowekwa X. Gazeti halina video hiyo. Limeweka maelekezo tu, yanayokituma kivinjari kwenda kuichukua kwa mwenyewe:

```
<script async src="https://platform.twitter.com/widgets.js"></script>
```

Gazeti halijafungiwa, kwa hiyo habari inasomeka. Kivinjari kikigonga mlango wa X, kinakatwa njiani. Mara nyingine maneno ya chapisho hubaki, lakini video haiji. Mara nyingine panabaki kisanduku cha kijivu kisicho na kitu.

Mtoa huduma hawezi kuchagua. Mawasiliano ya kivinjari na X yamefichwa kwa msimbo, naye anachoona ni jina la tovuti inayoombwa, si chapisho lenyewe. Hawezi kuziba picha chafu akaachia video ya mawimbi. Akikata jina, vyote vinakwenda. Waliotoa amri, au washauri wao, walipaswa kulijua hilo.

Kibaya zaidi, kisanduku hakisemi nani amekifunga. Mwenye kompyuta anaweza kubonyeza F12 na kufungua `Console`. Akikuta `ERR_BLOCKED_BY_CLIENT`, kizuizi kimo ndani ya kivinjari chake. Akikuta `ERR_CONNECTION_RESET`, muunganisho umekatwa, ingawa mtandao mbovu nao huweza kuleta ujumbe huo. Mwenye simu pale Kabwe hana pa kuangalia. Atadhani bando limekwisha, au atalilaumu gazeti. Serikali inayoamini uamuzi wake ni halali inaficha nini? Itangaze wazi ni anwani zipi imefunga, kwa kifungu gani na mpaka lini!

Wapo wanaosema mchuuzi atumie VPN. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili, na kanuni zinataja faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Yaani mchuuzi ajisajili kwanza kwa mamlaka ndipo aione video iliyomo kwenye gazeti ambalo hakuna aliyelipiga marufuku.