Asilimia za Mfumuko wa Bei Hazijumlishwi, Zinazidishwa

KNBS, shirika la kitaifa la takwimu, hutangaza mfumuko wa bei kila mwisho wa mwezi. Desemba 2022 ulikuwa asilimia 9.1. Desemba 2023 ukawa asilimia 6.6, na Desemba 2024 ukashuka hadi asilimia 3.0. Ukiuliza watu bei zilipanda kwa kiasi gani katika miaka hiyo mitatu, wengi watatoa simu, wajumlishe 9.1 na 6.6 na 3.0, wapate asilimia 18.7. Wakitaka wastani wa mwaka watagawa kwa tatu, wapate 6.23, na mambo yamekwisha.

Sisi tunasema hesabu hiyo isitumike kupanga mshahara wa mtu, kodi ya nyumba wala akiba. Haikosei kwa bahati mbaya, leo juu na kesho chini. Bei zikiwa zinapanda kila mwaka, kujumlisha kutakuonyesha zimepanda kidogo kuliko zilivyopanda kweli. Na anayeumia ni yule anayelipwa kwa hesabu hiyo.

Tuanze na mfano mwepesi wa sokoni. Tuseme kreti ya nyanya ni Sh4,000. Mvua inaharibu shamba, bei inapanda kwa asilimia 50, inakuwa Sh6,000. Msimu unaofuata nyanya zinajaa sokoni na bei inashuka kwa asilimia 50. Ukijumlisha, 50 ukitoa 50 ni sufuri, ati bei imerudi pale pale. Lakini mama mboga anajua nusu ya Sh6,000 ni Sh3,000. Kreti imeshuka kwa robo nzima. Asilimia 50 ya kwanza ilipigwa juu ya Sh4,000, na ya pili ikapigwa juu ya Sh6,000. Ni asilimia za vitu viwili tofauti, ndiyo maana huwezi kuziweka kwenye kapu moja.

Mfumuko wa bei uko hivyo hivyo. Asilimia 6.6 ya Desemba 2023 haikupigwa juu ya bei za 2021. Ilipigwa juu ya bei za Desemba 2022, ambazo tayari zilikuwa zimepanda.

Sasa tuchukue mlinzi wa geti aliyekuwa analipwa Sh15,000 kwa mwezi Desemba 2021. Hajawahi kuongezwa. Desemba 2024 bosi wake anamwita na kumwambia, "Mzee, nimeangalia mfumuko wa miaka mitatu, ni asilimia 18.7. Nakuongeza hiyo yote." Mshahara unakuwa Sh17,805. Inaonekana ni haki kabisa.

Hebu tufuate vitu vile vile ambavyo Sh15,000 zilinunua mwaka 2021. Kupata bei mpya, zidisha bei ya zamani kwa 1 ikifuatwa na asilimia ya mwaka. Asilimia 9.1 inakuwa 1.091, asilimia 6.6 inakuwa 1.066, na asilimia 3.0 inakuwa 1.030. Angalia hiyo ya mwisho vizuri: ni 1.03, si 1.3. Ukikosea nukta hapo utapandisha bei kwa asilimia 30.

Mwaka wa kwanza, Sh15,000 mara 1.091 ni Sh16,365. Mwaka wa pili, Sh16,365 mara 1.066 ni Sh17,445. Mwaka wa tatu, Sh17,445 mara 1.03 ni Sh17,968. Hiyo ndiyo pesa mlinzi anahitaji ili anunue tu kile alichokuwa akinunua mwanzo, bila kuongeza hata sukari ya robo.

Bosi amempa Sh17,805. Imepungua Sh163 kila mwezi, karibu Sh1,960 kwa mwaka. Zimeenda wapi? Mwaka wa pili, asilimia 6.6 ya Sh16,365 ni Sh1,080, lakini anayejumlisha alihesabu asilimia 6.6 ya zile Sh15,000 za zamani, yaani Sh990. Hapo kuna Sh90. Mwaka wa tatu, asilimia 3 ya Sh17,445 ni Sh523, lakini aliyejumlisha alihesabu Sh450. Hapo kuna Sh73. Jumla ni Sh163. Hakuna aliyeiba. Bei mpya zilipanda juu ya bei zilizokuwa zimeshapanda, na hesabu ya kujumlisha haikuliona hilo.

Ukizidisha namba zote tatu pamoja, 1.091 mara 1.066 mara 1.03, unapata 1.1979. Maana yake bei zilipanda kwa asilimia 19.8 kutoka Desemba 2021 hadi Desemba 2024, si 18.7.

Je, wastani wa kila mwaka? Hapa swali halisi ni hili: kama bei zingepanda kwa asilimia moja ile ile kila mwaka, ni asilimia gani ingetufikisha kwenye 1.1979 baada ya miaka mitatu? Kwa hivyo tunatafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara tatu inatoa 1.1979. Kwenye simu nyingi za kisasa, ukilaza kikokotoo upande utaona vitufe zaidi, kimoja kikiwa kama hivi: `xʸ`. Andika:

```
(1.091 × 1.066 × 1.03)^(1/3)
```

Jibu ni 1.0620, yaani asilimia 6.20 kwa mwaka. Kama una kabambe, usijali, bahatisha kisha urekebishe. Jaribu 1.062 mara 1.062 mara 1.062, utapata 1.1978, umekaribia sana. Jaribu 1.063 mara tatu, utapata 1.2012, umepita. Basi jibu liko kwenye 6.2.

Kuna atakayesema: si mlisema tofauti ni kubwa? 6.23 na 6.20, hapo kuna nini? Ni kweli, wastani wenyewe umetofautiana kidogo, kwa sababu asilimia zetu tatu hazikuachana mbali sana. Zikiachana kama zile za nyanya, wastani nao unapotea kabisa. Lakini watu hawali wastani. Wanatumia asilimia ya miaka yote kupanga pesa, na hapo tofauti ni 18.7 dhidi ya 19.8. Ndiyo iliyomkata mlinzi Sh163.

Inaweza pia kukufanya uone hasara kama faida. Tuseme uliweka Sh100,000 Desemba 2021 kwenye akiba inayolipa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, riba ikiongezwa kwenye akiba kila mwisho wa mwaka. Kodi ya zuio inakata asilimia 15 ya hiyo riba, kwa hivyo unabaki na asilimia 5.95. Baada ya miaka mitatu una Sh118,933.

Ukilinganisha na 18.7 ya kujumlisha, utasema ulihitaji Sh118,700 kulinda thamani ya pesa yako, na umezidisha Sh233. Utapiga makofi. Lakini bei halisi zilikuwa zinahitaji Sh119,790. Ukweli ni kwamba uko chini kwa Sh857. Akiba ilikua, pesa zikaongezeka kwenye skrini, lakini zinanunua vitu vichache kuliko mwanzo. Hapa ndipo wastani wa 6.20 unafaa kwelikweli. Ni kipimo cha haraka: akiba iliyokupa chini ya 6.20 kwa mwaka baada ya kodi, katika miaka hiyo mitatu, ilikuwa inarudi nyuma. 5.95 iko chini ya 6.20. Umemaliza.

Kuna mahali pawili ambapo hata mtu anayezidisha vizuri anaweza kuteleza.

Kwanza, kuna namba za aina mbili. Hizi tulizotumia zinalinganisha Desemba na Desemba iliyotangulia. Lakini pia kuna wastani wa miezi yote 12 ya mwaka, ambao kwa 2022 ulikuwa asilimia 7.7, kwa 2023 asilimia 7.7, na kwa 2024 asilimia 4.5. Zote ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti. Chagua aina moja na ukae nayo. Ukichukua 9.1 ya Desemba 2022 na kuizidisha na 7.7 ya wastani wa 2023, umechanganya kilo na debe.

Pili, usizidishe miezi inayofuatana. Mfumuko wa Novemba 2022 ulitangazwa kuwa asilimia 9.5 na wa Desemba 9.1. Kila moja inaangalia miezi 12 nyuma, kwa hivyo zinashiriki miezi 11 ile ile. Ukizizidisha umehesabu upandaji ule ule wa bei mara mbili. Njia ya kujua uko salama ni kuuliza: kipindi kimoja kinaishia pale kingine kinapoanza? Desemba hadi Desemba, ndiyo. Novemba na Desemba, hapana.

Na tukumbuke kwamba asilimia ya KNBS ni ya kapu la nchi nzima. Kama sehemu kubwa ya mapato yako inaenda kwa unga, mafuta ya taa na nauli, kapu lako linaweza kupanda zaidi au kidogo kuliko hilo. Hesabu ya kuzidisha haibadilishi kapu. Inachofanya ni kuhakikisha asilimia ulizonazo zinasomwa vile zilivyokusudiwa.

Jambo la mwisho ni hiyo asilimia 3.0 ya Desemba 2024. Wengi waliisikia wakadhani bei zimeshuka. Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Kwa mlinzi wetu, asilimia 3 hiyo ndogo ilidai Sh523 zaidi, juu ya zile Sh2,445 za miaka miwili ya kwanza ambazo hazikuondoka. Kwa hivyo mwajiri, mwenye nyumba au mweka hazina wa chama akikuletea asilimia ya miaka mitatu, muulize ameipata vipi. Akisema amejumlisha, mpe simu azidishe tena mbele yako. Ni namba tatu tu.